Kifo Ndani ya Riwaya: Mwongozo Kamili wa Kumliza Msomaji Bila Kumlazimisha

Miswada ya riwaya inayonifikia hapa Nairobi huwa imara mpaka mtu anapokufa. Mwandishi aliyekuwa akisimulia vizuri anapandisha sauti ghafla. Mvua inaanza kunyesha, watu wanapiga magoti, mgonjwa mahututi anapata nguvu za kutoa wosia wa ukurasa mzima, na kila sentensi inafungwa kwa alama ya mshangao. Mwandishi amelia alipokuwa akiandika. Msomaji anafungua ukurasa wa pili macho makavu.

Kosa hili limerudi mara nyingi kiasi kwamba nimeona niandike hatua zake zote mahali pamoja. Nitatumia mfano mmoja niliotunga kwa ajili ya mwongozo huu, ili uone kazi yenyewe ikifanyika.

## Vifaa

- Rasimu nzima ya riwaya, iliyochapishwa kwenye karatasi. Sura ya kifo peke yake haitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya marekebisho itafanyika katika sura za mwanzo.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Karatasi moja tupu kwa ajili ya mhusika atakayekufa.
- Simu yenye kinasa sauti.
- Wasomaji watatu ambao hawajakusikia ukisimulia hadithi hiyo. Ndugu, mchumba na rafiki wa karibu hawafai.

Jipe pia muda. Rasimu ikae kabatini wiki mbili au tatu bila kuguswa, mpaka uweze kuisoma kama kazi ya mtu mwingine.

## Kwanza, msomaji analilia nini?

Mwaka 1975 mwanafalsafa Mwingereza Colin Radford aliuliza swali ambalo bado linabishaniwa: inakuwaje tuumizwe na masaibu ya mtu tunayejua fika kwamba hakuwahi kuishi? Tuwaachie wanafalsafa mjadala wao. Mwandishi anahitaji jibu la kufanyia kazi, na langu ni hili: msomaji hulilia kile alichokuwa akikisubiri.

Kwa kurasa mia mbili amesubiri radhi iombwe, msafiri afike nyumbani, mtoto amtambue babake. Kifo kinapokuja, lile jambo haliwezi kutokea tena. Mhusika hakuwapo duniani, lakini kule kusubiri kulikuwa kwa kweli, tena kulikuwa ndani ya msomaji mwenyewe. Kilichokatwa ni chake.

Ndiyo maana ukurasa wa kifo, hata ukiupamba vipi, hauwezi kuzaa machozi peke yake. Ukiwa hukumfanya msomaji asubiri kitu, hakuna cha kukata. Waandishi wengi hulihisi pengo hilo na kulijaza kwa kelele.

## Mfano wetu

Mwanaisha anaishi Majengo, Pumwani, na babu yake, fundi cherehani anayeshonea kwenye veranda. Anapoingia kidato cha kwanza, babu anakataa kumnunulia sare dukani. Anamshonea sketi mwenyewe, na anaiachia pindo nene la kukunjwa mara tatu ili ishushwe kila mwaka anaporefuka. Sketi ni nzito na inasimama kama kengele. Wasichana shuleni wanamcheka.

Siku moja wenzake wanapita mbele ya veranda. Mwanaisha, ili awahi kujicheka kabla hawajamcheka, anasema kwa sauti kwamba babu amemshonea gunia. Babu anasikia. Hasemi neno.

Katika sura ya 21 babu anafariki hospitalini. Rasimu ya kwanza inasema hivi:

> Mwanaisha alipiga ukwenzi ulioupasua usiku. «Babuuu! Usiniache! Nitaishi na nani mimi?» Machozi yalimtiririka kama mto uliofurika. Babu alifumbua macho kwa mara ya mwisho, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti hafifu: «Mjukuu wangu, soma kwa bidii. Nakupenda kuliko vyote duniani.» Kisha akakata roho. Nje, mbingu nazo zilianza kulia.

Turudi nyuma tulitengeneze.

## Hatua ya 1: Andika jambo litakalobaki bila kukamilika

Chukua ile karatasi tupu. Andika jina la atakayekufa, halafu jaza sentensi hii: «Msomaji anasubiri ______ kati ya huyu na fulani.» Jambo liwe moja, na liwe dogo kiasi kwamba lingeweza kumalizika kwa dakika tano kama watu hao wangepata dakika hizo tano.

Waandishi wengi huandika «anasubiri wapendane» au «anasubiri maisha yawe mazuri.» Hayo ni mapana mno, hayana mlango wa kufungwa. Katika mfano wetu jibu ni hili: msomaji anasubiri Mwanaisha amwombe babu radhi kwa lile neno gunia.

Ukishaandika, pitia rasimu kwa kalamu ya rangi ya kwanza na utie alama kila mahali jambo hilo linapoguswa. Linahitaji kuguswa mara kadhaa bila kutajwa waziwazi. Hapa desturi zetu zinakusaidia. Babu na mjukuu wana utani wao. Babu wa Majengo humwita mjukuu wake wa kike «mke wangu», akamtania kuhusu mahari na chai isiyo na sukari. Baada ya siku ya gunia, babu anaanza kumwita Mwanaisha kwa jina lake. Humwelezi msomaji sababu. Kila «Mwanaisha» inayotoka kinywani mwa yule mzee inamkumbusha kwamba deni bado lipo.

Tahadhari. Usiruhusu jambo hilo limalizwe kando ya kitanda cha mgonjwa. Upatanisho wa dakika za mwisho ndio unaopendwa kuliko vyote katika miswada, na ndio unaoua machozi, kwa kuwa unampa msomaji alichokuwa akikisubiri kisha unamtaka ahuzunike.

Utajuaje imefaulu? Mtu aliyesoma mpaka sura ya 15 akiulizwa «unataka nini kitokee?» anataja lile jambo lako bila kusitasita.

## Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja cha kubeba mapenzi

Mapenzi yakisemwa kwa mdomo hupita. Yakiwekwa ndani ya kitu, yanabaki hata mwenyewe akiondoka. Kwetu hapa kitu hicho ni pindo la sketi.

Kitu hicho kipite mbele ya msomaji mara tatu, na kila mara kwa sababu tofauti. Mara ya kwanza kiwe na kazi nyingine kabisa, wala kisinuke mapenzi. Katika sura ya 2 pindo ni ubahili wa babu na ni aibu ya Mwanaisha. Msomaji anacheka kidogo na kusonga mbele. Mara ya pili, sura ya 9, Mwanaisha ameingia kidato cha pili. Babu anafumua kunjo la kwanza, anaiteremsha sketi, anapiga pasi alama ya mkunjo wa zamani mpaka iishe, anasema tu: «Yamebaki mawili.» Mara ya tatu ni baada ya kifo, na tutaifikia.

Zile mara mbili za kwanza ziwe mbali na kifo. Kitu kinachotambulishwa sura moja kabla ya mazishi kinajitangaza, na msomaji mzoefu anajua tayari kwamba kitaliliwa.

Jambo ambalo sitachoka kulisema: ijue kazi ya mikono unayoiandika. Katika mfano huu nilitaka babu aache alama ndani ya makunjo kuonyesha kila moja ni la mwaka gani. Wazo linalokuja upesi ni chaki ya fundi. Lakini sketi ya shule hufuliwa kila wiki, na chaki haimalizi hata mwezi. Msomaji aliyewahi kushona ataliona hilo papo hapo, na kuanzia hapo hatakuamini tena, hata kama hatasema. Fundi angetumia uzi: mishono miwili mifupi ya uzi mwekundu kwenye kunjo la kidato cha pili, mitatu kwenye la tatu, minne kwenye la nne. Uzi unabaki. Kabla hujaamua, nenda soko la Gikomba ukae na fundi saa nzima, umtazame mikono.

Tahadhari. Kitu kimoja tu. Ukiweka pindo, na kofia, na redio, na kikombe cha babu, msomaji hajui ashike lipi, na lolote halitakuwa na uzito.

## Hatua ya 3: Mwache na ila zake

Kwenye mazishi yetu kila marehemu alikuwa mcheshi, mcha Mungu na nguzo ya familia. Tanzia inaruhusiwa kusema hivyo. Riwaya ikifanya hivyo, msomaji anaona kwamba mtu ameanza kusafishwa ili afe vizuri.

Tafuta ila inayomkera kweli yule anayempenda, na uiache mpaka mwisho. Babu yetu ni bahili, mkaidi, na hajawahi kumwomba mtu yeyote radhi. Sura ya 20, yuko kitandani nyumbani, bado anamfokea mjomba kwa kulipa teksi badala ya kupanda matatu. Mtu wa namna hiyo akiondoka anaacha pengo lenye umbo lake hasa.

## Hatua ya 4: Amua nani ajue kwanza

Kifo cha ghafla humshtua msomaji. Mshtuko humfanya aseme «aa!» na kurudi nyuma kusoma tena kama ameona sawa. Machozi huja kwa njia nyingine: msomaji anajua, mhusika hajui, na hakuna namna ya kumwambia.

Mfano bora ninaoujua uko katika Things Fall Apart, riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe, ya mwaka 1958, kwenye sura ya 7. Wasomaji wengi wa Kenya wanamkumbuka kijana Ikemefuna. Ameishi kwa Okonkwo, mhusika mkuu, miaka mitatu na anamwita baba. Mzee Ezeudu amekuja kumwonya Okonkwo kwamba mtoto huyo atauawa, na kwamba yeye asishiriki, kwa sababu anamwita baba. Ikemefuna ameambiwa anarudishwa kwao.

Tazama Achebe anachofanya kuanzia hapo. Hasemi kwamba ni huzuni. Anamtwisha mtoto chungu cha mvinyo kichwani, anampeleka njiani na wanaume wenye mapanga, kisha anaingia ndani ya mawazo yake. Mtoto anamfikiria mama yake, na dada yake aliyemwacha ana miaka mitatu na ambaye sasa lazima awe na sita. Anaimba kimoyomoyo wimbo wa utotoni na kutembea kwa mapigo yake: ukiishia mguu wa kulia, mama yu hai. Unaishia mguu wa kulia. Anaimba tena, unaishia kushoto. Lakini mara ya pili haihesabiwi.

Hapo ndipo koo la msomaji linapokaza, na hakuna aliyekufa bado. Mtoto anacheza mchezo ambao kila mtoto ameucheza, ana wasiwasi juu ya uhai wa mama yake, na sisi tunajua uhai ulio hatarini ni wa nani. Pigo lenyewe linapita katika sentensi chache mno. Okonkwo anageuza uso, analisikia. Chungu kinaanguka na kuvunjika mchangani. Mtoto anamkimbilia baba yake akisema wamemuua, na Okonkwo, akiogopa kuonekana dhaifu, ndiye anayemmalizia. Maiti haielezwi. Mwili hauombolezwi. Baadaye tunaambiwa Okonkwo hakuonja chakula siku mbili.

Hutahitaji kisa kizito kama hicho. Unahitaji kuuliza: nani katika riwaya yangu anajua, na nani bado anapanga mambo ya kesho? Kwa Mwanaisha nilifanya hivi. Daktari anamweleza mjomba hali ya babu katika sura ya 19, na msomaji yupo. Mwanaisha hayupo, siku ileile yuko Gikomba anatafuta kitambaa cha kofia mpya ya babu ya Idi. Ndiyo njia aliyoipata ya kuomba radhi bila kusema. Idi iko mbali, wiki saba mbele.

Tahadhari. Usimfiche msomaji habari kwa hila ili umshtue baadaye. Akigundua kwamba msimulizi alijua na akanyamaza, atakasirika, na hasira haikai pamoja na machozi.

## Hatua ya 5: Andika ukurasa wa kifo kwa ubaridi

Mwaka 1892 Anton Chekhov alimwandikia mwandishi Lidia Avilova ushauri ambao haujachakaa: ukitaka msomaji awahurumie watu wako, jaribu kuwa baridi zaidi, maana ubaridi huo huipa huzuni yao mandhari ya nyuma inayoifanya ionekane.

Kwa vitendo, fanya hivi. Chukua kalamu ya rangi ya pili, upitie sura ya kifo, na ukate vitu vifuatavyo: hali ya hewa inayoshiriki msiba, neno moyo na yote yanayoupata (kupasuka, kuvuja damu, kusimama), alama za mshangao, kila tashbihi, na hotuba ya anayekufa. Mtu anayekufa kwa ugonjwa wa mapafu au moyo mara nyingi hana pumzi ya sentensi mbili.

Utabaki na karatasi yenye mashimo. Usiyajaze kwa hisia nyingine. Jaza kwa shughuli, kwa kuwa hospitali na misiba imejaa shughuli: fomu, malipo, simu za kupigwa, vitu vya kukabidhiwa. Hii ndiyo sura ya 21 baada ya kazi hiyo:

> Muuguzi aliandika saa kumi na dakika ishirini. Akatazama saa ya ukutani, akaikata ile ishirini, akaandika kumi na tano. Akamwuliza Mwanaisha kama yuko na mtu mzima.
>
> «Mjomba yuko chini, analipa.»
>
> «Basi msubiri.» Lakini akampa bahasha, kwa sababu zamu yake ilikuwa inaisha. Ndani mlikuwa na miwani, kofia na kastabini. Kastabini ilikuwa imekwama kidoleni; walilazimika kuitoa kwa sabuni, na bado ilikuwa na utelezi.
>
> Mwanaisha alihesabu vitu vitatu. Akatia sahihi mahali alipoonyeshwa. Hakuwahi kutia sahihi kabla ya siku hiyo, kwa hiyo aliandika jina lake lote, kwa herufi za kuungana, kama walivyofundishwa.

Angalia kilichobeba uzito. Muuguzi anasahihisha dakika tano, kwa kuwa kwake usahihi ni kazi. Kastabini ina utelezi wa sabuni, na mkono wa msomaji unauhisi. Mtoto anaandika jina lake vizuri. Hakuna aliyesema kwamba inauma.

Kuna jambo linalowachanganya waandishi wetu hapa, nami naona lipewe nafasi yake. Wakisikia «punguza kilio» wanadhani wahusika wakae kimya, wameze machozi, waangalie dirishani. Watu wetu hawafiwi hivyo. Upande wa Nyanza na magharibi ya Kenya kuomboleza kwa sauti ni heshima, na asiyelia anaulizwa kulikoni. Katika nyumba za Kiislamu za Majengo, mwenye kupiga mayowe ataambiwa awe na subira, amwombee marehemu, na maiti itazikwa upesi, pengine siku ileile. Katika mtaa mwingine wa Nairobi kutakuwa na kamati ya mazishi, kundi la simu la michango, na basi la kwenda mashambani.

Kwa hiyo kilio kisifutwe, kiwekwe mahali pake. Mpe mtu mwingine alie, asiyekuwa mhusika tunayeona dunia kwa macho yake. Kilio kisikike kutoka chumba cha pili, au ngazini, wakati mhusika wetu ana jambo la kufanya kwa mikono. Katika sura ya 22 shangazi anafika kutoka Mombasa, analia mlangoni, na wanawake wanamtuliza: «Subira, mwanangu, subira.» Mwanaisha wakati huo anatafuta sufuria kubwa ya kukopa kwa jirani, kwa sababu watu watakula. Kilio kipo, ni cha kweli, na hakimwambii msomaji afanye nini.

Utajuaje imefaulu? Soma sura kwa sauti, uirekodi, uisikilize ukiwa unatembea. Ukisikia sauti yako ikipanda au ikitetemeka mahali fulani, weka alama. Mara nyingi sentensi ya mahali hapo inakulilia wewe, na inabidi iondoke. Sura iliyokaa sawa husomeka kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo polisi.

## Hatua ya 6: Peleka machozi kwenye ukurasa mwingine

Msomaji akiwa kwenye kifo anashughulika kuelewa kilichotokea. Mpe muda. Sura ya 22 iwe ya mazishi na iende haraka: janaza, safari fupi ya kwenda makaburi ya Waislamu ya Kariokor, wanaume wanarudi na udongo viatuni, wali unaliwa. Sura ya 23 iwe ya jambo lingine kabisa. Kwetu, mwenye nyumba na kodi ya veranda. Msomaji anaanza kudhani yamepita.

Halafu sura ya 24. Shule zimefunguliwa. Mwanaisha yuko kidato cha tatu na sketi imekuwa fupi. Mwalimu wa zamu amemrudisha nyumbani. Fundi wa jirani anataka shilingi mia mbili. Hana. Anakaa kwenye veranda, anavaa kastabini inayompwaya, na anaanza kufumua.

> Ndani ya kunjo kulikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu, mifupi, ya kukaa pamoja. Alidhani ni mahali babu alipokosea. Akaifumua pamoja na mingine.
>
> Alipoteremsha kitambaa aliona kunjo la chini yake, ambalo halikuwa limeguswa. Akalipapasa kwa kidole. Mishono minne.
>
> Akarudisha ile mitatu. Ilimchukua jioni nzima, kwa kuwa hakujua kushona.

Kazi ya hatua zote za nyuma inakusanyika hapa. Pindo linatokea kwa mara ya tatu. Radhi iliyokuwa ikisubiriwa haiwezi kuombwa, lakini Mwanaisha anaiomba kwa namna pekee iliyobaki, kwa kurudisha uzi usio na kazi yoyote. Msomaji anaelewa kabla Mwanaisha hajaelewa kikamilifu: babu alipokuwa akiitwa mshona gunia, tayari alikuwa amempima mpaka kidato cha nne.

Ni hapa waandishi hushikwa na hofu na kuongeza sentensi: «Ndipo alipotambua jinsi babu alivyompenda.» Ikate. Msomaji ameshalitambua mwenyewe, na kutambua huko ndiko kunakomliza. Ukimwambia, unampokonya.

Acha sura hapo na usirudi tena kwenye pindo hadi mwisho wa kitabu. Mara ya nne huwa ni kukamua.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa wasomaji watatu

Wape riwaya nzima, kila mtu peke yake. Usiwaambie kuna kifo. Wakimaliza, usiulize «ulilia?», kwa kuwa wengi watasema ndiyo kwa adabu. Uliza haya: ulisimama wapi kusoma, na kwa nini? Unamkumbuka babu kwa jambo gani? Kuna mahali ulihisi unasukumwa?

Majibu yanasomeka hivi.

Akisema «inahuzunisha sana» kisha asiweze kutaja kitu chochote, ametazama msiba kwa mbali. Rudi hatua ya 1. Hakuwa akisubiri lolote.

Akitaja kastabini, pindo au uzi mwekundu kabla ya kutaja kifo, umepata ulichotaka, hata kama hakutoa chozi. Wapo watu ambao husoma bila kulia kabisa. Kwao ishara ni kwamba walisimama, au walirudi sura ya 2 kutazama sketi ilivyoelezwa.

Akisema alijua mapema kwamba pindo litarudi, tokeo la sura ya 9 lina mkazo mno. Ondoa sentensi moja hapo, hasa ile inayoeleza uso wa babu.

Akicheka pasipostahili, mara nyingi ni kwenye tashbihi iliyoponyoka kalamu ya hatua ya 5. Itafute.

Mmoja wa wasomaji wako akiwa amefiwa karibuni, jibu lake liweke kando kwa heshima. Mtu mwenye msiba mbichi atalia hata kwa sura mbovu, kwa kuwa analia ya kwake, na hilo halikuambii chochote kuhusu mswada. Ni vyema kumwuliza hali yake kabla hujamkabidhi kitabu.

Ukishafanya marekebisho, tafuta wasomaji wapya kwa jaribio la pili. Aliyesoma rasimu ya kwanza anaijua mishono minne, na kwa jaribio hili hafai tena.